Kompyuta Inaposahihisha Insha: Maana ya Usahihishaji wa Kiotomatiki

Usahihishaji wa kiotomatiki ni utoaji wa alama unaofanywa na programu ya kompyuta badala ya mwalimu. Kwa maswali ya kuchagua herufi kazi ni nyepesi, maana mtahiniwa ama ametia kivuli kwenye A ama hakutia. Insha haina jibu moja la kulinganisha nalo, kwa hiyo programu hubashiri alama ambayo msahihishaji binadamu angeitoa.

Jimbo la Texas, Marekani, linatumia njia hii kwenye mtihani wake wa shule uitwao STAAR. Programu ilifundishwa kwa majibu kama 3,000 yaliyokwisha kusahihishwa na watu mara mbili. Mwaka 2024 ilitoa alama ya kwanza kwa majibu ya kuandika, na takriban robo yakapelekwa kwa watu, yakiwemo yale ambayo programu yenyewe ilikuwa na shaka nayo.

Ubashiri huo hushika dalili: urefu wa insha, msamiati, mpangilio wa sentensi. Ukweli wa hoja hauonekani hapo. Les Perelman, mtafiti wa uandishi wa chuo cha MIT nchini Marekani, na wanafunzi wa vyuo vya MIT na Harvard walionyesha hilo mwaka 2014 kwa programu yao ya BABEL, iliyotunga insha za maneno mazito yasiyo na maana. Programu za kusahihisha zikazipa alama za juu. Upande wa pili ni mbaya zaidi: mwanafunzi mwenye hoja nzuri kwa sentensi fupi, au Kiingereza cha nyumbani kwao, anaweza kupunjwa.

Na takwimu ya usahihi huficha hayo. Tuseme insha ni 1,000 na programu imekosea 100. Usahihi ni asilimia 90, inapendeza. Sasa tuseme makosa 50 kati ya hayo yako kwenye shule moja yenye watahiniwa 100. Pale nusu wamekosewa, ilhali kwingine ni kama 1 kati ya 18. Anayetaka kujua kama kuna haki adai hesabu ya kila kundi, na aulize pia makosa yanaelekea wapi, kupandisha au kushusha.

Maelezo ya kumfaa mwanafunzi ni zaidi ya "umepata 2". Mwongozo wa kusahihisha insha ya STAAR una alama 5: 3 za kupanga na kukuza hoja, 2 za kanuni za lugha. Aambiwe amepoteza wapi, kwa kipengele kipi cha mwongozo, na kama aliyesahihisha ni mtu au kompyuta. Bila hayo hana la kuandika kwenye rufaa.

Rufaa nayo isomwe na mtu asiyeonyeshwa alama ya kwanza. Akiiona, ataisogelea bila kujijua. Texas hutoza dola 50 kwa kusahihishiwa upya, na hurudisha fedha alama ikipanda. Kwa mzazi asiye na dola 50 za kuweka rehani, rufaa hiyo ipo kwenye karatasi tu.