Ile tau kwenye sakiti ya RC inamaanisha nini hasa

Wengi tumekariri kwamba tau ni muda wa kapasita kufika asilimia 63, sawa, ila kwa nini 63 na sio 50? Mimi naona ukianza na mkondo jibu linakuja lenyewe.

Chukua chanzo cha volti 5, rezista ya kiloomu 10 na kapasita tupu ya mikrofaradi 100, zote kwa mfululizo. Ukiwasha swichi tu, kapasita bado iko sifuri kwahiyo volti zote 5 ziko kwenye rezista na mkondo ni miliampia 0.5, na mkondo huo ukiugawa kwa C unapata kasi ya volti 5 kwa sekunde, yaani kama usingepungua kapasita ingejaa kwa sekunde 1 kamili. Sasa piga `R × C`, inatoka sekunde 1. Hiyo ndo tau: muda ambao ingejaa kama ingeendelea na kasi ile ya mwanzo.

Lakini haiendelei nayo. Kadiri kapasita inavyopanda ndivyo rezista inavyobakiwa na volti chache, mkondo unashuka, kasi nayo inashuka, na ndo maana sekunde 1 ikifika uko volti 3.16 tu, yaani ile asilimia 63 ya 5. Kilichobaki kufika 5 kinagawanywa kwa 2.718 kila tau inapopita, kwahiyo sekunde ya 2 ni 4.32, ya 3 ni 4.75, na ya 5 ni 4.97, hapo watu wa sakiti tunasema imejaa ingawa kihesabu haimalizi kabisa. Ukiweka volti 12 tau haibadiliki, maana safari imerefuka na kasi ya mwanzo imeongezeka kwa uwiano uleule.

```
Vc = V × (1 - e^(-t/RC))
```

Shida huwa inakuja kwenye kupima. Tuseme umeweka megaomu 1 na mikrofaradi 10 ili tau iwe sekunde 10 usome taratibu, halafu ukaacha multimita ya megaomu 10 juu ya kapasita. Mita yenyewe ni rezista, inavuta mkondo wake pembeni, kwahiyo kapasita itaishia volti 4.55 badala ya 5. Ukisubiri 3.16 itafika kwenye sekunde 10.8 na utaanza kulaumu kapasita bure. Mwanzoni huoni kitu, kasi ya kuanzia ni ileile kwasababu mita haivuti chochote volti zikiwa sifuri, tofauti inajionyesha huko juu.

Kwahiyo acha kwanza itulie, soma volti ya mwisho, chukua asilimia 63.2 ya hiyo. Hapa ni 2.87, nayo itafika kwenye sekunde 9.1. Hiyo ndo tau halisi ya sakiti ikiwa na mita, kwasababu kapasita sasa inaona megaomu 1 na megaomu 10 zikiwa sambamba, yaani megaomu 0.91.