Kodi kuitwa ya barabara hakuipeleki barabarani

Kila mwezi ZURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za maji na nishati Zanzibar, ikitangaza bei mpya ya mafuta, barza yetu hapa Wete huwa na mkutano usio na mwenyekiti. Mwezi mmoja aliyewaka zaidi hakuwa dereva wa gari ya abiria, alikuwa mvuvi. "Mimi mashine yangu inakula petroli baharini," alisema, akaweka dumu lake la manjano chini kwa kishindo. "Hiyo tozo ya barabara naitoa kwa barabara ipi?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu nimekaa miaka mingi kwenye meza za bajeti na najua swali hilo ndilo ambalo watu wa fedha hulizunguka kwa kurasa nzima.

Fedha ya kodi ina njia mbili. Ya kwanza na ya kawaida ni kuingia Mfuko Mkuu, chungu kimoja kinachopokea kila kitu, kisha Baraza la Wawakilishi likakaa na kuamua skuli zipate kiasi gani, maji kiasi gani, na mishahara kiasi gani. Ya pili ni ile wanayoiita kuwekewa uzio: sheria inasema kodi hii haichanganywi na nyingine, inakwenda kwa kazi hii tu. Mfuko wa Barabara Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, ni wa njia hiyo ya pili, na chakula chake kikubwa ni tozo inayokatwa kwenye kila lita ya mafuta. Kuna mambo kadhaa yanasemwa kuhusu njia hizi ambayo hayako sawa.

Dhana: Kodi ikiwa na jina la kitu, fedha zake zinakwenda kwenye kitu hicho.

Jina halimfungi mtu. Kinachofunga ni kifungu kimoja katika sheria yenyewe, ambacho mara nyingi kimejificha mwishoni, kinachoeleza fedha zikishakusanywa zilipwe wapi. Kikisema zilipwe Mfuko Mkuu, hata kodi ingeitwa ya visima, ni ya chungu cha wote. Kikitaja mfuko maalumu wenye bodi na akaunti yake, hapo kuna uzio. Kama kifungu hakimo kabisa, hesabu kwamba ni chungu cha wote, na maneno ya waziri siku ya kusoma bajeti yalikuwa nia tu.

Waingereza wana kisa kinachonichekesha kila nikikikumbuka. Mwaka 1920 walitunga sheria ya mfuko wa barabara, wenye magari walipe ada na ada itengeneze njia. Mwaka 1926 Winston Churchill, akiwa waziri wa fedha, akauona mfuko umenona akaanza kuuchota kwa matumizi mengine. Kufika 1937 ada ile ilikuwa inaingia mfuko mkuu kama kodi yoyote. Leo, karibu miaka mia baadaye, wenye magari kule bado wanaiita kodi ya barabara, na wanagombana na waendesha baiskeli kwamba barabara ni yao kwa sababu wao ndio wanaoilipia.

Dhana: Ukiweka uzio, kazi ile inapata fedha zaidi.

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa chenga, na wala hapahitajiki hata mtu mmoja wa kusema uongo. Chukua mfano, tarakimu ni zangu za kubuni. Dawa za hospitali zinapata bilioni 10 kutoka Mfuko Mkuu. Wananchi wanalalamika hazitoshi, inatungwa tozo mpya ya dawa, na mwaka wa kwanza inaleta bilioni 3. Kila mtu anangoja bilioni 13.

Sasa ingia chumba ambamo bajeti inapangwa, mwezi wa pili au wa tatu. Ofisa wa Hazina ana orodha ya maombi yanayozidi fedha mara mbili. Anafika kwenye mstari wa dawa anauliza: hawa si wameshapata bilioni 3 zao? Anawaandikia 7 kutoka Mfuko Mkuu, na zile 3 anazipeleka kwenye madawati. Jumla ya dawa inabaki 10. Tozo imetumika kwa dawa hadi shilingi ya mwisho, mkaguzi atathibitisha, waziri atasema kweli, na hospitali haitaona hata kidonge kimoja cha ziada. Kwa hakika kodi ile imenunua madawati.

Ndiyo maana kuuliza "tozo ya dawa imekwenda wapi?" ni kuuliza swali ambalo lina jibu zuri tayari. Ukitaka kujua, chukua vitabu vya bajeti vya miaka mitatu kabla ya tozo na mitatu baada yake, jumlisha fedha zote za dawa bila kujali zilitoka mlango gani, na upunguze kupanda kwa bei. Kama jumla haikupanda, uzio ulikuwa wa karatasi. Na uangalie fedha zilizotolewa, si zile zilizopitishwa. Baina ya hizo mbili huwa kuna bahari.

Dhana: Wizara ya fedha hukataa uzio kwa sababu inataka kuzichota fedha hizo.

Wakati mwingine ndiyo, tusidanganyane. Lakini sababu wanazokuwa nazo ni nzito kuliko tunavyowapa.

Ya kwanza mtu wa Pemba anaielewa bila kufundishwa, kwa sababu ya karafuu. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Msimu mmoja majamvi yanajaa mpaka kando ya lami, na mji mzima unanukia; msimu unaofuata miti inapumzika. Tuseme tungefunga kodi ya karafuu kwa mishahara ya walimu. Mwaka wa mavuno makubwa, fedha zinazidi mishahara. Mwaka wa kupumzika, watoto wako darasani wale wale, walimu wale wale, na akaunti ni tupu. Idadi ya watoto haijui habari za mikarafuu.

Au chukua hoja ninayoisikia zaidi: tozo ya wageni wa hoteli ifungwe kwa hospitali. Inavutia sana, mtalii alipe, sisi tutibiwe. Ila kumbuka 2020. Korona ilipokuja, ndege za watalii zilikatika na hoteli za Nungwi na Paje zikafungwa milango. Hospitali ingekuwa inakula kwenye kile kitanda cha mgeni, ingekosa fedha mwezi ule ule ambao wagonjwa wanaongezeka. Kwenye chungu kimoja, kodi nyingine zinaweza kuziba pengo la ile iliyoanguka. Kwenye uzio, kila mfuko unakufa au unanona peke yake.

Na kunona nako kuna shida yake. Mfuko uliopata zaidi ya mahitaji hauna mshindani wa kuuliza kwa nini. Mshahara wa mkunga unapita kwenye kamati na kupiganiwa. Fedha za ziada za mfuko zinapita kwenye bodi yake tu. Utaona dalili: gari jipya, jengo la ofisi, semina ya tatu mwaka huo huo kuhusu jambo lile lile.

Sababu ya pili ni ya fedha taslimu na haisemwi sana. Mifuko ikiwa mingi, kila mmoja una akaunti yake benki. Mwezi fulani mifuko yote kwa pamoja ina bilioni 8 zimelala zikipata faida ya asilimia 3, huku Hazina haina ya mishahara na inakopa bilioni 5 kwa asilimia 11. Fedha ni za serikali moja. Ni kama baba aliyekopa dukani kwa riba, na mfukoni mwa kanzu nyingine mna noti. Mfano huo nao ni wa kubuni, lakini ukimsimulia mhasibu yeyote wa Hazina atatikisa kichwa kwa uchungu.

Ya tatu ni kwamba uzio mmoja huzaa mwingine. Wa barabara wakipata, wa utalii watataka, wa michezo watataka, na wote wana hoja. Ghana ilifika huko. Bima ya afya ilikuwa na tozo yake tangu 2003, elimu na mingineyo nayo ina fungu lake, mpaka ukijumlisha mishahara, riba ya madeni na fedha zilizofungwa, karibu mapato yote yalikuwa yameshapangwa kabla bunge halijafungua mdomo. Mwaka 2017 wakatunga sheria ya kuweka kikomo: fedha zote zenye uzio zisizidi asilimia 25 ya kodi.

Dhana: Sheria ikishafunga, hakuna wa kufungua.

Ghana hiyo hiyo inajibu. Baada ya kikomo kile, watu waliendelea kukatwa tozo ya bima ya afya dukani, risiti inasema hivyo, lakini mfuko ukawa haupokei yote yaliyokatwa kwa jina lake. Mwaka 2025 wakabadilisha tena. Sheria ya kawaida ya fedha inatungwa kila mwaka, na kilichofungwa mwezi wa sita kinaweza kufunguliwa mwezi wa sita mwingine. Hata bila kubadili sheria, fedha zinakusanywa na chombo kimoja zikipelekwa kwa kingine, na katika safari hiyo zinaweza kuchelewa miezi.

Kwa hiyo uzio wote ni upuuzi? Hapana, na hapa ninatofautiana na wenzangu wa Hazina. Tozo ya mafuta ina mantiki ambayo tozo ya hoteli kwa hospitali haina: anayechoma lita nyingi ndiye, kwa kukadiria, anayeila barabara zaidi. Magari yakiongezeka, mashimo yanaongezeka na fedha zinaongezeka pamoja. Tena matengenezo ni kazi isiyo na sherehe. Hakuna anayekata utepe kwa mtaro uliozibuliwa, kwa hiyo kwenye chungu cha wote hukatwa kwanza, mpaka barabara inaoza na kujengwa upya kwa gharama mara kadhaa.

Ila nayo huchakaa. Tozo ikiwa shilingi kadhaa kwa lita, yenyewe haipandi hata bei ya kokoto na lami ikipanda. Marekani wanatoza senti 18.4 kwa galoni ya petroli tangu 1993, hawajaigusa, na tangu 2008 mfuko wao wa barabara kuu unaokolewa na fedha za mfuko wa wote. Uzio umebaki, lakini ng'ombe analishwa kutoka nje.

Na yule mvuvi wa dumu la manjano? Nilimwambia ukweli kama ninavyoujua: pampu haiulizi petroli inakwenda kwenye gari au kwenye boti, na kuweka bei mbili kwenye kituo kimoja ni kualika magari yaje na madumu. Akanitazama. "Basi mimi ndiye ninayewatengenezea njia," akawaambia madereva, "na samaki wangu mnanipunguzia nauli?" Hawakumpunguzia.