Lupasi, kifua na kisingizio cha umri

Nimepokea tena barua ya rufaa ya aina ileile: mwanamke mwenye lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, kifua kinauma, umri mdogo mno kupata mshtuko wa moyo, basi ni perikaditisi, yaani uvimbe wa mfuko wa moyo, aongezewe prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe. Perikaditisi kweli huwapata sana wagonjwa wa lupasi. Hilo la umri ndilo linaloniudhi, kwa sababu lupasi huzeesha mishipa ya moyo kabla ya wakati wake.

Chukulia mgonjwa wa miaka 38, aliyeishi na lupasi miaka 12, anayemeza prednisoloni miligramu 10 kila siku. Kwa wiki tatu kifua kinambana akipanda ngazi na kinaachia akipumzika. Leo kimembana akiwa amekaa, na hakiachii. Muulize kama akiegemea mbele anapata nafuu, na akilala chali au akivuta pumzi ndefu maumivu yanazidi. Mfuko wa moyo ukiwa umevimba, mara nyingi atajibu ndiyo. Huyu anajibu hapana, na zile ngazi zilishatuambia mengi.

Kisha soma kipimo cha umeme wa moyo kwa utulivu. Kwenye perikaditisi, sehemu ya mchoro iitwayo ST hupanda karibu kila mahali na ile ya PR hushuka. Kwa mgonjwa wetu ST imepanda kwenye njia za II, III na aVF, zinazotazama upande wa chini wa moyo, huku ikishuka kwenye aVL. Huo ni mshipa mmoja ulioziba, na dakika zinahesabika. Kama mchoro wa kwanza ungekuwa safi na maumivu yanaendelea, ningeurudia baada ya dakika 15 na kupima troponini, protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia, zaidi ya mara moja. Troponini peke yake haitoshi kuamua, maana hupanda pia uvimbe wa perikaditisi unapoingia kwenye msuli wa moyo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1976 Urowitz na wenzake wa Toronto walionyesha kwamba wagonjwa wa lupasi hufa kwa mawimbi mawili: mapema kwa ugonjwa wenyewe na maambukizi, na miaka baadaye kwa mshtuko wa moyo. Mwaka 1997 Manzi na wenzake wa Pittsburgh walifuatilia wanawake 498 wenye lupasi. Wale wa miaka 35 hadi 44 walikuwa na uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo zaidi ya mara 50 wakilinganishwa na wanawake wa umri wao kwenye utafiti wa moyo wa Framingham, Marekani. Namba hiyo inahitaji uangalifu. Mshtuko wa moyo kwa mwanamke wa umri huo ni nadra sana, kwa hiyo hata ukizidishwa mara 50, wengi wao hawataupata. Tena matukio yaliyohesabiwa yalikuwa machache. Siitumii kumtisha mgonjwa. Naitumia kwa daktari anayesema haiwezekani.

Penye shaka yangu kubwa ni prednisoloni. Uvimbe wa lupasi huharibu ukuta wa mshipa, na prednisoloni hutuliza uvimbe huo. Lakini dawa hiyohiyo hupandisha presha, sukari na kolesteroli, na anayepewa nyingi kwa kawaida ndiye mwenye ugonjwa mkali zaidi. Kutenganisha kosa la dawa na kosa la ugonjwa ni kazi ngumu ambayo bado haijaisha. Nachofanya ni kushusha dozi hadi ile ndogo inayotosha na kuhakikisha haidroksiklorokwini, dawa ya msingi ya lupasi, haikatizwi. Statini, dawa za kushusha kolesteroli, nilizitarajia zaidi: kwenye majaribio ya atovastatini kwa wagonjwa wa lupasi, kipimo kikuu cha kuta za mishipa hakikuonyesha faida iliyo wazi. Natoa statini kwa mwenye kolesteroli au hatari inayostahili, si kwa jina la lupasi peke yake.

Baridi yabisi ina habari inayofanana: miongozo ya Ulaya inasema alama ya hatari ya moyo izidishwe kwa 1.5, kwa kuwa vikokotoo vya kawaida haviuoni uvimbe. Sakoidosisi, ugonjwa mwingine wa uvimbe, huenda njia nyingine kabisa, hukata nyaya za umeme wa moyo. Mtu chini ya miaka 60 mwenye bloku kamili ya umeme wa moyo isiyoelezeka atafutiwe sakoidosisi, hata kama betri ya moyo imeshawekwa.

Na ikiwa kweli ni perikaditisi? Ibuprofeni na kolchisini hufanya kazi vizuri, ila figo zikiwa zimeguswa na lupasi, ibuprofeni iache. Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikionyesha maji mengi kwenye mfuko huo, usikimbilie kusema ni lupasi imechachamaa. Hapa kwetu kifua kikuu cha mfuko wa moyo ni cha kawaida, na prednisoloni hukifungulia mlango. Maji hayo yakiweza kuvutwa salama, yapelekwe maabara kabla dozi haijaongezwa.