Hanipoti sio ragipuli, na likwiditi kufungwa haina uhusiano

Kuna sentensi naiona kila tokeni mpya ikitoka: "Hii haiwezi kuwa hanipoti, likwiditi yake imefungwa mwaka mzima." Na watu wanaigongea laiki kabisa. Ni sawa na kuulizwa saa ukajibu tarehe. Kufunga likwiditi, yaani hela na tokeni zilizowekwa ili watu wabadilishane, kunazuia utapeli mmoja, hanipoti ni utapeli mwingine, na kwa kuwa vyote viwili siku hizi vinaitwa ragipuli watu wanaangalia kufuli la mlango usio wenyewe afu wanalala usingizi.

Hanipoti ni tokeni unayoweza kuinunua kwenye deksi, yaani soko la kubadilishana tokeni lisilo na msimamizi, ila kuiuza huwezi, au unaiuza lakini makato yanakula karibu yote. Basi, ndo hiyo. Ni kama dema, samaki anaingia bila shida yoyote na anaogelea mle ndani vizuri tu, kutoka ndo hamna. Kizuizi chenyewe kiko ndani ya kontrakti ya tokeni, yaani programu inayoiendesha, kimewekwa tangu mwanzo au kimeachiwa swichi mwenye nayo aiwashe akitaka.

Ragipuli ni hivi: mwenye tokeni anaweka hela na tokeni zake kwenye dimbwi la likwiditi, watu wananunua, hela zinajaa mle, afu siku moja anachomoa likwiditi yote na kuondoka. Hapo wewe hujazuiwa kuuza, kitufe kinafanya kazi vizuri, tatizo ni kwamba dimbwi halina kitu cha kukupa. Kwenye hanipoti dimbwi linaweza kuwa limejaa hela unaziona kwa macho, na bado hupati hata senti. Huku hela zimeondoka, huku mlango umefungwa. Sasa mtu anayekwambia "hela hazitaondoka, zimefungwa" anakujibu swali la mlango au la hela?

Ili uone kwa nini inawezekana, angalia muamala wenyewe. Ukinunua kwenye PancakeSwap au Uniswap, unalipa BNB au ETH yako na dimbwi linakutumia tokeni. Ukiuza, kwanza unampa rauta, kontrakti ya deksi inayopitisha miamala, ruhusa kwa `approve`, afu rauta anaita `transferFrom` ili tokeni zitoke kwako ziende kwenye dimbwi, zikifika ndo dimbwi linakulipa. Kumbuka hapa, kote kuwili anayehamisha tokeni sio deksi. Deksi inaomba tu. Anayehamisha ni kontrakti ya tokeni, na hiyo kontrakti kaiandika mtu usiyemjua. Kwake kutambua kwamba unauza ni rahisi mno, maana tokeni zinaelekea kwenye adresi ya dimbwi. Mstari kama huu unatosha:

```solidity
if (to == pair) {
    require(allowed[from], "");
}
```

Yaani kama tokeni zinaenda dimbwini, aliyezituma lazima awe kwenye orodha ya walioruhusiwa, na kwenye orodha yupo mwenyewe na woleti zake. Wewe ukijaribu kuuza unapata ujumbe kama `TransferHelper: TRANSFER_FROM_FAILED`, unadhani mtandao umekwama, unaongeza gesi ambayo ni ada ya mtandao, unaongeza slipeji ambayo ni upungufu wa malipo unaokubali, unajaribu tena. Afu kuna hii inayowachanganya watu sana: unamtumia rafiki yako tokeni zilezile na zinafika bila shida. Unasema si unaona, tokeni ni nzima. Hapana, zimefika kwa sababu woleti ya rafiki yako sio dimbwi, sharti halijaguswa. Naye akijaribu kuuza atakwama palepale ulipokwama wewe.

Hiyo ndo aina ya wazi. Ya pili ni ya makato, na hii ndo inayoonyesha kwa nini kufunga likwiditi hakukusaidii, kwa hiyo twende na namba, tuache ada ndogo ya deksi pembeni hesabu isituchoshe.

Dimbwi lina BNB 10 na tokeni 1,000,000. Unanunua kwa BNB 1, unapata tokeni 90,909. Watu wengine wanaingia mpaka dimbwi linakuwa na BNB 20 na tokeni 500,000. Woleti yako inazidisha tokeni zako kwa bei ya sasa inakwambia una BNB 3.6 na ushee, unatabasamu. Kwenye tokeni ya kawaida ukiuza zote ungepata kama BNB 3.08, sio 3.6, maana mauzo yako yenyewe yanashusha bei, hilo ni la kawaida halina utapeli. Sasa weka makato ya 99% kwenye kuuza. Kati ya tokeni zako 90,909, zinazofika dimbwini ni 909 tu, na unalipwa kama BNB 0.036. Kama slipeji uliipandisha vya kutosha, muamala umepita, una alama ya kijani, hamna kosa lolote lililoandikwa.

Zile 90,000 zilizokatwa zimeenda wapi? Kwenye woleti ya mwenye tokeni, na yeye hakatwi. Anaziuza kwenye dimbwi lilelile anachukua kama BNB 3.04, ambazo kimsingi ndo zako. Rudia kuangalia alichofanya: hajagusa likwiditi. Kilichofungwa kwa mwaka mzima ni ile haki ya kuchomoa likwiditi, na yeye hakuihitaji, ametoka kwa mlango wa kuuza kama muuzaji mwingine yeyote, tofauti ni kwamba mlango huo amebakishiwa peke yake. Na kama kontrakti inamruhusu kutengeneza tokeni mpya kimyakimya, hata hayo makato hayahitaji, anachapa tokeni anauza mpaka dimbwi linakauka huku kufuli likiwa zima kabisa.

Najua mtu ataleta tokeni ya SQUID hapa, ile iliyojibandika jina la tamthilia ya Squid Game, na ailete tu, maana ndo mfano unaotumika vibaya kuliko yote. Ilitoka mwisho wa Oktoba 2021 kwenye mnyororo wa BNB, ikapanda kutoka karibu senti moja ya dola mpaka zaidi ya dola 2,800 tarehe 1 Novemba, afu ikaanguka hadi karibu na sifuri ndani ya dakika chache, na waanzilishi wakaondoka na kama dola milioni 3.3. Kila mtu anaiita ragipuli. Siku ile ya mwisho, sawa. Lakini siku zote kabla ya hapo wanunuzi walikuwa wanalalamika kwamba hawawezi kuuza, na waanzilishi walikuwa na jina zuri la hicho kizuizi, walikiita kinga ya kuzuia watu wasiuze kwa mkupuo, eti ukitaka kuuza lazima uwe na tokeni nyingine inaitwa Marbles. Hiyo ni hanipoti. Na ndo maana bei ilipanda vile, ukiwa na wanunuzi wengi na wauzaji karibu hamna, chati itaenda wapi zaidi ya juu? Walioisubiri ragipuli kama dalili walichelewa, dalili ilikuwa imeshakaa mezani siku kadhaa, imeandikwa kabisa kwenye karatasi yao ya mradi.

Kwa hiyo unaichekije. Chati ya kijani tupu bila mauzo ni ya kwanza, ila usiishie kwenye rangi, fungua miamala kwenye BscScan au Etherscan uone nani anauza. Watapeli wanajua unatafuta mauzo, wanauza wao wenyewe kidogokidogo ili pawe na wekundu. Unachotafuta ni woleti tofautitofauti ambazo zilinunua kwenye dimbwi kama wewe na baadaye zikauza na kulipwa kiasi cha maana. Kama wauzaji ni woleti tatu zilezile na hakuna hata moja iliyowahi kununua dimbwini, hiyo ndo orodha ya walioruhusiwa unaiona kwa nje. Kama maandishi ya kontrakti hayajawekwa hadharani pale, mimi naishia hapo sihitaji kuendelea. Yakiwepo, tafuta sehemu inayobadilisha makato, jina lake mara nyingi linafanana na `setFee`, uone kama kuna kikomo. Ikiwa mwenye tokeni anaweza kuandika namba yoyote anayotaka, basi makato ya 3% unayoyaona leo ni ya leo.

Hapo ndo vinapokwama vile vifaa vya kupima kama honeypot.is. Vinaigiza kununua na kuuza kwenye hali ya mnyororo ilivyo sasa hivi na kukwambia kama imepita. Vinasaidia, mimi navitumia, lakini jibu lake ni la dakika hiyo. Swichi ikiwashwa nusu saa baadaye, au adresi yako ikitiwa kwenye orodha nyeusi baada ya kununua, kifaa hakikudanganya, kilijibu kilichoulizwa. Kununua kidogo ukauza kidogo kujaribu nako kuna shimo hilohilo, maana kontrakti inaweza kukuachia kiasi kidogo kipite na kuzuia kikubwa. Na kuambiwa mwenye tokeni ameachia umiliki kusikutulize peke yake, kontrakti inaweza kuonyesha mmiliki ni adresi tupu huku woleti nyingine ina mamlaka ileile chini ya jina jingine.

Ila tuwe wa haki upande wa pili pia, maana kuna wanaopiga kelele za hanipoti kila muamala ukikataa. Tokeni yenye makato sio hanipoti kwa sababu tu ina makato, SafeMoon ya 2021 ilikuwa inakata 10% kwa kila muamala na watu walinunua na kuuza. Kama tokeni inakata 10% na wewe umeweka slipeji 1%, rauta atakukatalia kwa `INSUFFICIENT_OUTPUT_AMOUNT`, na hapo ni mipangilio yako. Iweke juu kidogo ya makato uliyoyasoma kwenye kontrakti, 12% hivi, ujaribu tena na kiasi kidogo. Ikikataa bado, na kwenye miamala huoni mnunuzi mwingine yeyote aliyefanikiwa kuuza, basi iite hanipoti.