Barua ya Kuomba Kufutiwa Ada ya Kuchelewa Kulipa Kadi ya Mkopo

Nilikaa dawati la kadi kwenye benki moja kwa miaka kadhaa kabla sijarudi nyumbani Tabora. Barua za kuomba kufutiwa ada nilizisoma mpaka nikawa najua jibu nikiwa bado aya ya kwanza. Hapa mjini wenye kadi za mkopo si wengi, lakini wapo, na mwezi wa saba mmoja wao alinipigia simu, sauti imepanda: "Kaka, deni nimelipa lote, sasa wananidai nini tena?"

Ni dada anayefanya biashara ya asali. Tarehe 14 Mei alinunua vichujio na mitungi ya kufungashia kwa kadi, vyote shilingi 1,240,000. Taarifa ya kadi ilitoka tarehe 28 Mei, ikampa mpaka tarehe 18 Juni awe amelipa, na kima cha chini kilikuwa 124,000. Juni ni msimu wa kurina, naye alikuwa kambini msituni upande wa Sikonge, mahali ambapo ili upate mtandao lazima upande kichuguu. Alirudi mjini tarehe 22, akalipa lote siku hiyohiyo. Taarifa iliyofuata ikaja na mistari miwili: ada ya kuchelewa 30,000, na riba 47,700.

Yeye macho yake yalikuwa kwenye ile 30,000. Mimi niliangalia mstari wa pili. Ada ni faini ya kupitisha tarehe, ni kiasi kimoja tu hata ukichelewa siku moja. Riba ni kitu kingine. Kadi nyingi hazitozi riba kwenye manunuzi ukilipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho. Ukikosa, msamaha huo unaondoka, na riba inahesabiwa kurudi nyuma mpaka siku uliyonunua. Kwa hiyo hakutozwa siku nne alizochelewa. Alitozwa siku 39, kutoka 14 Mei hadi 22 Juni. Kadi yake ni ya asilimia 36 kwa mwaka: chukua 1,240,000, zidisha kwa 0.36, gawanya kwa 365, zidisha kwa 39, unapata 47,697 na ushei, ambayo ukiikadiria ndiyo hiyo 47,700. Hesabu ya benki ilikuwa sawa. Ila barua inayoomba "ada" peke yake ingejibiwa kuhusu ada peke yake, na kipande kikubwa kingebaki pale pale.

Kabla ya kuandika nilimuuliza swali moja: una uhakika hukulipa kabla ya tarehe 18? Si utani. Malipo yana tarehe mbili, ile uliyotuma na ile ambayo benki imeyaingiza kwenye kadi, na ukituma Ijumaa jioni yanaweza kuingizwa Jumatatu. Linganisha risiti yako, au ujumbe wa simu, na taarifa ya kadi. Kama fedha zilifika benki ndani ya muda na wao ndio waliochelewa kuziingiza, usiandike ombi, andika lalamiko. Hapo unadai haki, na wasipokujibu vizuri unaweza kulipeleka dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania, maana lenyewe linataka uwe umeanzia kwenye benki yako. Ukiandika ombi la huruma kwa kosa lisilo lako, umelikubali kwa maandishi. Na kosa likiwa lako, ukaandika lalamiko kali, karani anafungua skrini, anaona tarehe 22, anafunga faili. Dada wa asali kosa lilikuwa lake, kwa hiyo tukaandika ombi.

Hii ndiyo barua yenyewe, baada ya anwani na tarehe:

YAH: OMBI LA KUFUTIWA ADA YA KUCHELEWA NA RIBA, KADI INAYOISHIA NA 4417

Mimi ni mteja wenu wa kadi tajwa hapo juu kwa miaka miwili sasa. Malipo ya taarifa ya tarehe 28 Mei yalitakiwa kufika tarehe 18 Juni. Niliyalipa yote, shilingi 1,240,000, tarehe 22 Juni. Nilikuwa kwenye kambi ya kurina asali isiyo na mtandao, na sikupanga malipo kabla ya kuondoka. Kosa ni langu.

Hii ni mara ya kwanza kupitisha tarehe tangu nipewe kadi. Naomba mnifutie ada ya kuchelewa, shilingi 30,000. Pia, kama inawezekana, naomba mnipunguzie riba ya shilingi 47,700 iliyotozwa kwa malipo hayo.

Tarehe 6 Julai nimejaza fomu ya makato ya moja kwa moja ya deni lote kutoka akaunti yangu ya akiba. Nimeambatanisha risiti ya malipo na nakala ya fomu hiyo.

Basi. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa kurasa mbili, ndani yake mvua, ada za shule na mgonjwa wa Urambo. Nilivikata vyote. Msomaji wa barua hii ana rundo mezani na kioo mbele yake. Anachoweza kuthibitisha ni tarehe, kiasi na historia ya malipo, na "mara ya kwanza" anaiona mwenyewe kwa sekunde chache. Mgonjwa wa Urambo hamwoni. Maombi mawili yametenganishwa makusudi, maana karani anaweza kuwa na ruhusa ya kufuta ada lakini riba lazima ampelekee mkubwa wake. Ukiyafunga kifurushi kimoja, yote yanasubiri saini ya mkubwa. Na namba nzima ya kadi usiiandike popote. Tarakimu nne za mwisho zinatosha.

Ile fomu ya makato ina mtego. Ina kisanduku cha kima cha chini na kisanduku cha deni lote, na wengi wanatiki cha kwanza kwa sababu kinaonekana chepesi. Ada ya kuchelewa hutaiona tena, lakini riba itakuja kila mwezi.

Barua aliipeleka tawini, ila tawi haliamui, linatuma makao makuu. Nilimwambia aende na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe abaki nayo, na aombe namba ya kumbukumbu. Akaniuliza kama anaweza kulipa taarifa ya Julai akiwa ametoa zile 77,700 huku akisubiri. Hapana, dada. Mfumo haujui kwamba umeandika barua. Ukilipa pungufu, msamaha wa riba unaondoka tena, na ile "mara ya kwanza" unayoombea inaingia doa. Lipa yote, wakikubali watakurudishia kwenye kadi.

Taarifa ya Agosti ilikuwa na mstari wa 30,000 wenye alama ya kutoa mbele yake. Riba hawakuigusa. Alipiga simu kwa ile namba ya kumbukumbu, akajibiwa kwamba ombi la riba limekataliwa kwa sababu hesabu ni sahihi, na kweli ni sahihi. Akaniletea chupa ya asali ya nyuki wadogo, akasema hiyo nayo niihesabu kwenye gharama za kadi.