Hali katika kitenzi: kwa nini "zimeiva" si wakati uliopita

Hali ni sehemu ya maana ya kitenzi inayoonyesha kama tendo limekamilika, linaendelea au ni la mazoea. Njeo, ambayo shuleni huitwa wakati, hulipanga tendo kabla ya muda wa kusema, wakati huohuo au baadaye. Vitabu vingi vya sarufi huiweka -me- katika orodha moja na -li-, -na- na -ta-, na hapo ndipo mgeni, hasa anayetoka katika lugha kama Kiingereza, inayotanguliza wakati, huamini kuwa zote nne ni alama za wakati.

Tuseme mgeni huyo amekwenda kununua zabibu katika shamba la pembezoni mwa Dodoma. Mwenye shamba akisema "zabibu zinaiva", mabadiliko bado yanaendelea, na katika kichala kimoja zitakuwamo punje laini na ngumu. Akisema "zimeiva", mabadiliko yamekamilika na matokeo yake yapo, kwa hiyo zinaweza kuchumwa leo. "Ziliiva" ni usimulizi wa jambo lililopita, na huenda zilishavunwa zamani. Mgeni aliyefundishwa kuwa -me- ni wakati uliopita atauliza ziliiva lini, ilhali mwenzake alikuwa anamweleza zilivyo sasa.

Ugumu huzidi kwa vitenzi kama lala, simama, kaa na vaa, ambavyo kiini chake ni kuingia katika hali fulani. Mlinzi aliyekwisha kupitiwa na usingizi "amelala", na aliyevaa koti "amevaa koti", ingawa kwa Kiingereza hali zote mbili huelezwa kama mambo yanayoendelea. Mgeni hufuata mazoea ya kwao akasema "mlinzi anavaa koti", nasi tukamwona mlinzi akiingiza mkono katika koti hilo, bado hajalifunga. "Analala" nayo hueleweka zaidi kama mazoea: analala pale getini kila siku.

Kwamba -me- haibebi wakati huonekana wazi kitenzi kinapotanguliwa na kuwa. Katika "tulipofika alikuwa amelala", wakati uliopita umebebwa na alikuwa. Katika "kesho saa nne tutakuwa tumemaliza kuvuna", -me- ileile imo ndani ya tendo la kesho. Ni kweli kwamba -na- ikisimama peke yake hubeba pia wakati uliopo, lakini katika "alikuwa anavuna" wakati huo hutoweka na kubaki uendelevu tu.

Ukanushi nao hutofautisha mambo haya. "Hazijaiva" humwambia mnunuzi kwamba mpaka sasa bado, na kwa kawaida humwachia matumaini ya kurudi baadaye. "Hazikuiva" humwambia kuwa msimu ule ulipita bila zabibu kuiva.