Anza na mstari wa tarehe: kusoma barua za Wajerumani wa boma la Mwanza

Kijana mmoja wa Ukerewe alinijia na picha ya barua kwenye simu. Neno Ukerewe alilisoma bila shida, mengine yote yalikuwa kama nyavu zilizosokotana. Hilo ni kawaida. Makarani wa Kijerumani waliandika kwa mwandiko uitwao Kurenti, lakini majina ya kigeni mara nyingi waliyaandika kwa herufi za Kilatini, hizi tunazozitumia sisi. Kwa hiyo jina la kisiwa linasomeka, na sentensi inayolizunguka haisomeki.

Nilimwambia aachane na jina, apande juu kulia kwenye tarehe. Pale huwa pameandikwa *Muansa, den*, yaani Mwanza, tarehe, kisha siku na mwezi. Maneno haya unayajua kabla hujayasoma, na humo ndimo ufunguo ulimo. Kwenye *den*, e na n zimekaa jirani. Kila moja ni vijiti viwili vilivyounganishwa. Vya e vimebanana, vya n vimeachana. Kama na *Muansa* imeandikwa kwa Kurenti, utaona u imevalishwa kiupinde juu, maana bila hicho ingekuwa n tupu. (Karani mwenye haraka hukiacha. Nimewahi kulaumu macho yangu bure.) Halafu s yake ni ndefu, inashuka chini ya mstari, na mgeni husoma "Muanfa". S hiyo hukaa mwanzoni na katikati ya neno. Mwishoni, kama kwenye *Haus*, yaani nyumba, huja s fupi ya mviringo. F ya kweli ina kifundo au kikato katikati ya mti wake. S ndefu haina.

Tukarudi kwenye neno lililomshinda. Alikuwa ameandika "Hüttnnftnunr". Tukabadilisha n tatu zilizobanana kuwa e, na f isiyo na kikato kuwa s: *Hüttensteuer*, kodi ya kibanda, iliyoanza kutozwa 1898.

Vifupisho navyo vinakurudisha kwenye tarehe ileile. *d. M.* ni mwezi huu, *v. M.* ni mwezi uliopita. Barua ya tarehe 2 Septemba ikitaja "28. v. M.", inasema 28 Agosti. Ukipiga picha ukakata kichwa cha barua, umepoteza tarehe mbili kwa mpigo. Ukikuta *7ber* usiseme Julai: ni Septemba, kwa sababu saba kwa Kilatini ni "septem". Vivyo hivyo *8ber* ni Oktoba na *9ber* ni Novemba.

Chini kabisa kijana aliona *gez.* na jina la afisa, akafurahi kupata sahihi yake. Hapana. *gez.* maana yake "ilitiwa sahihi", na jina hilo limeandikwa na karani aliyenakili. Sahihi yenyewe ilibaki kwenye barua ya asili.